Diski ya Kompyuta Inapotoa Onyo: Unakili Nini Kwanza, na kwa Haraka Gani

Onyo la diski kuu ya kompyuta huja kwa sura tatu. Sura ya kwanza huonekana mara tu kompyuta inapowashwa, kabla Windows haijaanza, nayo ni maandishi juu ya kioo cheusi yanayosema `S.M.A.R.T. Status Bad, Backup and Replace`, au maneno yanayokaribiana na hayo, yakimtaka mtumiaji abonyeze kitufe ili aendelee. Sura ya pili hutoka kwenye programu ya kukagua diski, kwa mfano CrystalDiskInfo, ambayo huandika `Good` diski ikiwa nzima, `Caution` kwa rangi ya njano inapotilia shaka, na `Bad` kwa rangi nyekundu hali inapokuwa mbaya. Sura ya tatu haina maandishi yoyote: folda iliyokuwa ikifunguka papo hapo sasa inachukua dakika nzima, kompyuta inaganda unapogusa faili fulani, kisha inarudi kama kwamba hakuna kilichotokea.

Mwongozo huu unahusu diski za kawaida zenye sahani zinazozunguka, ambazo bado zimejaa katika kompyuta za ofisi, za shule na za nyumbani, na unajibu swali ambalo kila mwenye onyo huuliza: nina muda gani? Jibu halimo katika rangi ya alama wala katika neno lililoandikwa, bali katika namba chache zilizo nyuma ya alama hiyo, na hasa katika kuangalia kama namba hizo zimetulia au zinapanda. Hata hivyo, kuna kazi moja ambayo haisubiri namba yoyote, na ndiyo tutakayoanza nayo.

## Nakili kidogo kabla ya kupima chochote

Mtu anapoona onyo, mkono wake humtuma kwanza kuzima na kuwasha upya, kisha kutafuta programu ya kutengeneza, kisha kuanzisha ukaguzi wa diski nzima. Yote matatu ni makosa yakitangulia. Diski inayozunguka na kusomeka sasa inaweza isizunguke tena ikishasimama na kupoa, na kila ukaguzi hutumia sehemu ya uhai uliobaki kwa kusoma maelfu ya faili usizozihitaji. Kwa hiyo, ikiwa kompyuta imewaka na diski haitoi sauti ya kugonga, iache iwake, uichomeke kwenye umeme kama ni ya kupakata, na uizuie isilale yenyewe.

Kisha jiulize ni faili zipi ambazo zikipotea hakuna mtu mwingine duniani atakayekupa. Windows si mojawapo, wala programu, wala filamu. Katika kompyuta nyingi nilizozishika, faili za namna hiyo hazizidi gigabaiti tano, nazo ni hesabu za biashara, tasnifu, mikataba iliyopigwa picha, na picha za watu ambao hawapo tena. Funga programu inayotumia faili hizo, kwa sababu faili ya hesabu iliyo wazi inaweza kunakiliwa nusu nusu, kisha zinakili kwenye flashi au diski ya nje.

Tumia amri ya kunakili, yaani `Copy`, usitumie `Cut`. Ukihamisha faili kwa `Cut`, Windows huifuta faili ya awali baada ya kuinakili, na kufuta ni kuandika juu ya diski ambayo hutaki kuiandikia chochote kwa wakati huu.

Hapa kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi kiasi kwamba naomba msomaji alitazame kwa makini. Watu wengi huhamisha faili kutoka `C:` kwenda `D:` na kuamini kuwa wamejiokoa, ilhali mara nyingi `C:` na `D:` ni vyumba viwili vya diski moja ileile. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na `X`, chagua `Disk Management`, na utazame upande wa kushoto. Ikiwa `C:` na `D:` zote zimo katika mstari ulioandikwa `Disk 0`, basi ni kifaa kimoja, na kikifa vitakufa vyote viwili. Nakala inayofaa ni ile inayoweza kuchomolewa na kuwekwa mfukoni, au iliyo katika kompyuta nyingine.

## Namna diski inavyojua kwamba inaumwa

Diski hugawa sahani zake katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Kwa muda mrefu sekta moja ilibeba baiti 512, na katika diski nyingi za miaka ya karibuni sekta halisi hubeba baiti 4,096. Kila sekta huandikwa pamoja na taarifa za ziada za kusahihishia makosa, hivyo kichwa cha kusomea kinapokosea kidogo, diski hurekebisha yenyewe na wewe hujui lolote. Makosa yakizidi uwezo wa kusahihishwa, diski hurudia kusoma sekta ileile tena na tena, na huko kurudia ndiko unakokuona wewe kama kompyuta kuganda.

Ikishindwa kabisa, diski huiweka sekta hiyo katika orodha ya zinazosubiri hukumu. Haiwezi kuihamisha papo hapo, kwa sababu haijui kilichokuwamo ndani yake, na kuweka sekta nyingine tupu mahali pake kungekuwa kukudanganya. Husubiri mpaka programu fulani iandike kitu kipya hapo. Wakati huo hujaribu, na ikiona sehemu hiyo haishiki tena maandishi, huiacha na kutumia sekta ya akiba ambayo kiwanda kiliitenga kwa kazi hiyo.

Kutokana na hayo, sekta inayosubiri na sekta iliyohamishwa hazina maana moja. Sekta iliyohamishwa ni jeraha lililokwisha kufungwa: diski ilipoteza kipande cha uso wake, lakini ilipata pengine pa kuandika. Sekta inayosubiri ni data yako ambayo wakati huu haisomeki. Ndiyo maana namba ndogo ya sekta zinazosubiri hunitia hofu zaidi kuliko namba kubwa kidogo ya sekta zilizohamishwa.

## Namba za kusoma

Ukishakuwa na nakala ya zile faili chache, fungua CrystalDiskInfo. Ikiwa haimo katika kompyuta hiyo, pakua toleo lisilohitaji kusakinishwa ukitumia kompyuta nyingine, uliweke kwenye flashi na uliendeshe kutoka humo, ili usiandike programu mpya juu ya diski mgonjwa. Programu hii huonyesha namba zake kwa mfumo wa kumi na sita, jambo linalowatisha wengi bure, kwa mfano `18` inayomaanisha ishirini na nne. Nenda `Function`, kisha `Advanced Feature`, kisha `Raw Values`, uchague `10 [DEC]`, nazo zitageuka kuwa namba za kawaida.

Zitazame safu hizi tu. Iliyoandikwa `05` ni hesabu ya sekta zilizohamishwa. `C5` ni hesabu ya sekta zinazosubiri, na katika programu nyingine huitwa 197. `C6`, yaani 198, ni sekta ambazo diski ilishindwa kuzisoma ilipojikagua yenyewe. Diski nyingine huonyesha pia `BB`, yaani 187, ambayo ni mara ngapi diski iliiambia kompyuta kwamba imeshindwa kusoma. Katika diski nzima, thamani ghafi za safu hizi zote huwa sifuri. Usishtuke ukiona mamilioni katika `01` au `07`, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huchanganya hesabu mbili ndani ya namba moja hapo, na ukubwa wake hausemi chochote kwa mtu anayeisoma kwa macho.

Kwa wanaotumia Linux, amri ni hii, na kwa diski iliyo ndani ya kasha la nje huongezwa `-d sat` kabla ya jina la diski:

```
sudo smartctl -H -A /dev/sda
```

Amri hiyo hutoa kwanza hukumu ya jumla, `PASSED` au `FAILED!`, nayo ndiyo imewapotosha watu wengi. Hukumu hiyo haizitazami namba ghafi. Kila kipimo kina alama ambayo diski hujipa yenyewe, mara nyingi kuanzia 100 au 200 na kushuka, na kina kizingiti kilichowekwa na mtengenezaji, na hukumu hubadilika pale tu alama ya kipimo muhimu inaposhuka hadi kwenye kizingiti. Katika diski nyingi kizingiti cha 197 ni 0, maana yake hakuna idadi ya sekta zisizosomeka itakayoifanya diski ikiri kuwa imefeli kwa kipimo hicho. Kwa hiyo `PASSED` hailinganishwi na cheti cha daktari. Kinyume chake, neno `FAILED!` likitokea, lichukulie kwa uzito wote, kwani mtengenezaji mwenyewe, ambaye hapendi kurudishiwa diski, amekubali kuwa imevuka mpaka.

## Muda ulio nao

Ukisikia diski ikigonga kwa mpigo unaojirudia, au ikijaribu kuzunguka na kusimama, huna muda wa kunakili. Zima kompyuta papo hapo, hata kwa kushikilia kitufe cha kuwashia. Hii ndiyo hali pekee ambayo kuzima hutangulia, kwa sababu kichwa cha kusomea kilichoharibika kinaweza kukwaruza sahani, na kila mzunguko unaweza kufuta kitu ambacho fundi wa maabara angeweza kukiokoa. Kuanzia hapo uamuzi ni wa fedha: kama data ina thamani kubwa kuliko gharama ya maabara yenye vifaa vya kufungulia diski, usiiwashe tena kabisa.

Ukiwa na onyo la kabla ya Windows, au alama nyekundu, au hukumu ya `FAILED!`, hesabu kwa dakika. Usimalize kazi uliyokuwa ukiifanya, wala usisubiri fundi aje kesho. Onyo la `smartctl` lenyewe husema kuwa diski inatarajiwa kufa ndani ya saa 24. Zipo zilizoishi miezi baada ya onyo hilo na zipo zilizokufa kabla ya kikombe cha chai kupoa, na hakuna anayeweza kukwambia yako ni ipi.

Ikiwa 197, 198 au 187 si sifuri, hata kama ni namba ndogo kama 8, nakala kamili ifanyike leo. Namba hizi mara nyingi huja kwa nane nane, kwa sababu sekta moja halisi ya baiti 4,096 huhesabiwa kama sekta nane za baiti 512, hivyo 8 huenda ikawa doa moja tu. Lakini doa moja lina uzito. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wao juu ya diski zaidi ya 100,000 zilizokuwa kazini, wakaona kwamba diski iliyopatikana kwa mara ya kwanza na kosa la usomaji wakati wa ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa katika siku 60 zilizofuata kuliko diski isiyo na kosa hilo.

Ikiwa ni 05 peke yake iliyo na namba ndogo, tuseme 3 au 20, na nyingine zote ni sifuri, una siku kadhaa, si miezi. Fanya nakala kamili wiki hiyo, andika namba na tarehe kwenye karatasi, kisha uisome tena kila wiki kwa muda wa mwezi mmoja. Ikibaki palepale, diski inaweza kuendelea kutumika kwa kazi zisizo na uzito. Ikipanda hata kwa moja, ihesabu pamoja na zile za leo.

Uchunguzi huohuo wa Google ulikuwa na upande wa pili ambao nauona kuwa muhimu zaidi kwa mwenye kompyuta moja: zaidi ya asilimia 36 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha dalili yoyote katika vipimo hivi, ukiacha joto. Namba zikiwa sifuri, haimaanishi kwamba folda isiyo na nakala iko salama.

Diski za aina ya SSD hazina sahani wala kichwa, na kanuni hizi haziwahusu zote. Kwa diski hizo, kipimo kinachoitwa `Available Spare` kikikaribia kizingiti chake, au `Media and Data Integrity Errors` ikiwa si sifuri, nakili siku hiyohiyo, kwa kuwa SSD huweza kutoweka kabisa bila kuganda wala kupiga kelele kwanza.

## Kompyuta ya mhasibu

Niliitwa asubuhi moja katika ofisi ya chama kidogo cha akiba na mikopo. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa na diski ya gigabaiti 500, na tatizo lililotajwa lilikuwa kwamba mafaili ya mwaka uliopita yanafunguka kwa shida. Kabla ya kukagua chochote nilimwomba mhasibu afunge programu ya hesabu, akanionyesha folda tatu: daftari la wanachama, hifadhidata ya programu hiyo, na mikataba iliyoskaniwa. Jumla ilikuwa gigabaiti 4 na kitu. Tulizinakili kwenye flashi kwa dakika kumi na moja, na mikataba miwili ilikataa. Niliiruka kwa kubonyeza `Skip`, kwa sababu kung'ang'ania faili moja mbovu huku mia mbili nzima zinasubiri ni kubahatisha upande usiofaa.

Ndipo nilipofungua CrystalDiskInfo. Alama ilikuwa ya njano, 05 ilikuwa 8, 197 na 198 zilikuwa 16 kila moja. Mhasibu aliniambia kuwa fundi aliyetangulia alikuwa ameona neno `PASSED` katika programu nyingine na kusema diski ni nzima. Baada ya dakika ishirini, tukiwa tunatafuta diski ya nje, niliisoma tena na 197 ilikuwa imefika 40. Swali la muda lilikuwa limejijibu.

Folda zote za watumiaji zilikuwa na gigabaiti 61. Kunakili kwa kipanya hakufai katika hali hii, kwa kuwa dirisha la kunakili husimama kwenye kila faili mbovu likingoja uamuzi wako. Tulitumia `robocopy`, iliyomo ndani ya Windows yenyewe:

```
robocopy C:\Users E:\Nakala\Users /E /XJ /R:0 /W:0 /LOG:E:\orodha.txt
```

Sehemu ya `/R:0 /W:0` usiiache kamwe. Bila hiyo, `robocopy` hujaribu tena faili iliyoshindikana mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kati ya jaribio na jaribio, na kwa diski inayokufa hilo ni sawa na kuisugua mahali penye kidonda mpaka iishe. `/E` huchukua folda ndogo zote pamoja na zilizo tupu, na `/XJ` huzuia kuzunguka bila mwisho ndani ya njia za mkato za mfumo. Dirisha la amri lifunguliwe kwa haki za msimamizi, kwa kuchagua `Run as administrator`.

Kazi ilichukua saa moja na dakika hamsini. Katika `orodha.txt` tulitafuta neno `ERROR`, tukapata faili tisa zenye maneno `Data error (cyclic redundancy check)`, ambayo maana yake ni kwamba diski ilishindwa kusoma sekta zao. Ifuate orodha hiyo, usitegemee kuiona faili kwenye folda ya nakala, kwa sababu faili iliyokatika katikati inaweza kuonekana pale ikiwa na jina na ukubwa sahihi huku ndani ikiwa na mapengo. Kisha tulichomoa diski ya nje, tukaichomeka kwenye kompyuta nyingine, na mhasibu mwenyewe akafungua hifadhidata na kulinganisha salio la wanachama watano na vitabu vyake vya karatasi. Mpaka hapo ndipo nilipokubali kuiita nakala.

## Faili tisa zilizobaki

Kwa faili zilizokataa, njia nzuri ni kuacha kuzungumza na Windows na kunakili diski yote sekta kwa sekta kwa kutumia `ddrescue`. Ubora wake ni kwamba hupita kwanza penye afya, ikiruka kila mahali penye shida, kisha hurudi kwenye matatizo mwishoni, na huandika ramani ya ilichopata na ilichokosa. Diski ikifa katikati ya safari, sehemu kubwa tayari iko mikononi mwako.

Anzisha kompyuta kwa flashi yenye Linux, kwa mfano SystemRescue ambayo tayari ina `ddrescue`, na uwe na diski mpya isiyo na kitu, yenye ukubwa sawa na ya zamani au zaidi. Kama diski ya zamani imefungwa kwa BitLocker, hakikisha una ufunguo wake wa kurejesha kabla ya kwenda mbali. Hatari kubwa ya hatua hii ni kugeuza majina na kuandika diski tupu juu ya ile unayoiokoa. Kwa hiyo tambua kwanza ipi ni ipi:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
```

Kwetu ya zamani ilionekana kama `465.8G` na mpya, ya terabaiti moja, kama `931.5G`. Nilisoma namba ya kifaa kwenye kibandiko cha diski kwa sauti, na mhasibu akaifuatilia kwenye kioo, ndipo nikaandika amri mbili, chanzo kikitangulia na makazi mapya yakifuata:

```
sudo ddrescue -f -d -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/ramani.map
sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/ramani.map
```

Ramani lazima ikae kwenye flashi ya tatu iliyounganishwa tayari, kwa kuwa ikibaki ndani ya kumbukumbu ya muda itapotea kompyuta ikizimika, na amri ya pili haitajua ilipoishia ya kwanza. Diski nzima ya ukubwa huu inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde ingemaliza kwa dakika 83. Yetu ilihitaji karibu saa tatu kwa amri ya kwanza, na saa moja zaidi kwa ya pili, ambayo hujaribu kila sekta mbovu mara tatu tu.

Mwishoni zilibaki kilobaiti 196 zisizosomeka katika diski nzima, na 197 ilisoma 392. Hesabu hizo zinakubaliana, kwani sekta 392 za baiti 512 ndizo kilobaiti 196. Hapa kuna jambo linalofaa kueleweka: kupanda kutoka 16 hadi 392 hakumaanishi kwamba diski ilioza kwa kasi hiyo siku ile. Nyingi ya sekta hizo huenda zilikuwa mbovu tangu wiki kadhaa nyuma, lakini diski hailijui doa mpaka iombwe kusoma mahali pake. Kati ya faili tisa, sita zilifunguka zikiwa kamili na tatu zilikuwa na mapengo, zote mikataba ambayo asili zake za karatasi zilikuwa kabatini.

Ukaguzi wa `chkdsk` tuliufanya baada ya hapo, juu ya nakala peke yake. Usiuendeshe juu ya diski inayoumwa kabla ya kunakili, hasa kwa `/r`, kwa sababu husoma kila sekta na pia hubadilisha orodha ya faili ili kukwepa mahali pabovu, na faili iliyokuwa na pengo dogo inaweza kugeuka vipande visivyo na jina. Kupanga upya diski kwa programu za kuongeza kasi nako kuachwe kabisa.

## Onyo lisilo la diski, na diski iliyobaki mkononi

Safu ya `C7`, yaani 199, ikipanda huku nyingine zote ni sifuri, mara nyingi shida ni kebo na si diski. Data ilisomwa vizuri kutoka kwenye sahani lakini ikaharibika njiani kwenda kwenye ubao wa kompyuta. Fanya nakala, zima, badilisha kebo ya SATA au uichomeke upya kwenye tundu jingine. Namba hii hairudi sifuri kamwe, kwa hiyo iandike na uangalie tu kama imeacha kupanda.

Sababu nyingine isiyo ugonjwa wa sahani ni umeme. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, sekta inaweza kubaki na maandishi nusu yasiyosomeka, na 197 ikaongezeka ingawa uso wake ni mzima. Hili hutokea hasa kwa kompyuta za mezani zisizo na kifaa cha kuhifadhi umeme. Namna ya kutofautisha ni hii, na ifanyike tu baada ya nakala kuthibitishwa: fomati diski yote kwa kuondoa alama ya `Quick Format`, ili kila sekta iandikwe upya, kisha endesha jaribio refu kwa `smartctl -t long` na usome namba tena. Ikiwa 197 imerudi sifuri, 05 haijapanda, na jaribio limemalizika bila kosa, sekta hizo hazikuwa na kidonda. Hata hivyo, mimi diski ya namna hiyo huitumia kuwekea nakala ya pili tu, ambayo ya kwanza ipo mahali pengine.

Jambo hilohilo lamhusu anayenunua diski iliyokwisha kutumika. Muuzaji akiifomati diski mbovu kwa ukamilifu, 197 inaweza kusoma sifuri dukani, kwa hiyo tazama 05, kwa sababu sekta zilizohamishwa hazirudishwi kwa kufomati, na 187 kama ipo. Diski ya mhasibu, baada ya kufomatiwa kwa majaribio, ilisoma 197 sifuri na 05 ikapanda kutoka 8 hadi 376, ikiwa na alama ya njano ileile. Kwa kuwa ilikuwa imebeba majina na mikopo ya wanachama, tuliitoboa sahani kwa drili kabla ya kuitupa.